Hatua 70 za nani?

Ukienda kukodi shamba kijijini, iwe Kilosa, Mbarali, Kiteto au Songea, mara nyingi utapimiwa kwa miguu. Mwenye shamba au kijana wake husimama kwenye kona, huanza kuhesabu, na akifika 70 huchomeka kijiti. Hugeuka, huhesabu nyingine 70, huchomeka cha pili. Hapo unaambiwa ni ekari moja, au eka, au heka, kulingana na mazoea ya mahali. Bei inatajwa, fedha zinahesabiwa, na wiki hiyohiyo trekta linaingia.

Kipimo hiki kimetumika miaka mingi na wengi wanaokitumia ni watu waaminifu. Sikidharau. Lakini kina pengo ambalo linawagharimu wakulima fedha kila msimu, na pengo lenyewe ni swali ambalo halijibiwi pale shambani: hatua hizo 70 ni za nani?

Tuanze na ekari yenyewe. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, ukiacha vipande vidogo vya desimali. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, yaani mraba wenye mita 100 kila upande. Ndani ya hekta moja kuna ekari 2.47. Ukitaka kuiona ekari kwa macho, fikiria uwanja wa mpira wa kimataifa wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Uwanja huo una mita za mraba 7,140, kwa hiyo ekari ni zaidi kidogo ya nusu yake. Ikiwa shamba ni mraba kamili, ekari moja ina mita 63 na sentimita 60 kila upande. Ikiwa ni jembamba, mita 50 kwa 81 ni ekari, na mita 100 kwa 40 na nusu ni ekari vilevile. Umbo halina neno, mradi mita za mraba zifike 4,047.

Sasa ile 70 ilitoka wapi? Jibu limo kwenye hesabu ya Waingereza walioleta ekari huku. Kwao ekari ilikuwa kipande chenye upana wa yadi 22 na urefu wa yadi 220, ambazo ni yadi za mraba 4,840. Ukitafuta mraba wenye eneo hilo, kila upande unapata yadi 69 na nusu. Ukiikamilisha, ni 70. Yadi moja ni sentimita 91 na kidogo. Kwa hiyo 70 kwa 70 ni sahihi kabisa kwa matumizi ya shamba, mradi kila hatua iwe yadi moja. Kanuni ilibaki vichwani mwa watu, yadi ikasahaulika, na mahali pake pakashikwa na hatua ya yeyote atakayetembea siku hiyo.

Hatua ya sentimita 91 ni ndefu. Mtu mzima akitembea kawaida, bila kujinyoosha, hatua yake huwa karibu na sentimita 75, tena hapo ni kwenye njia iliyo safi. Kwenye majani marefu, kwenye matuta au kwenye tope la mbuga hufupika zaidi. Tazama inavyokuwa. Mtu mrefu mwenye kujinyoosha hadi sentimita 90 akihesabu 70 kwa 70, anakupa mita 63 kwa 63, ambazo ni mita za mraba 3,969. Hapo mmekubaliana vizuri. Mwenye hatua ya sentimita 75 anakupa mita 52 na nusu kila upande, yaani mita za mraba 2,756. Hiyo ni kama thuluthi mbili za ekari. Mwenye hatua ya sentimita 65 anakupa mita za mraba 2,070, na hiyo ni nusu ekari tu. Wote watatu wamehesabu 70 kwa uaminifu, na wote watatu watakudai bei ya ekari moja.

Upungufu unakuwa mkubwa kiasi hicho kwa sababu unaingia mara mbili. Hatua ikipungua kwa sehemu moja ya tano, urefu unapungua kwa moja ya tano na upana nao unapungua kwa moja ya tano, kisha vyote viwili vinazidishwa. Mkulima akiona hatua zimekuwa fupi kidogo husema hasara itakuwa ndogo vilevile, na hapo ndipo anapopotea.

Kuna kosa jingine linaloelekea upande wa pili, nalo humuumiza mwenye shamba. Siku hizi watu wengi wana tepu, na wanapoichukua husema ekari ni mita 70 kwa mita 70. Hapana. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, sawa na ekari 1.21. Mwenye shamba akikodisha ekari tano kwa kipimo hicho, ametoa mita za mraba 24,500, na hizo ni ekari sita kamili. Ekari ya sita ameitoa bure. Dereva wa trekta anayelipwa kwa ekari naye hufungwa hivyohivyo: analima ekari sita, analipwa tano, na dizeli ni yake. Nimeona mabishano makali kati ya dereva na mkulima pembeni mwa shamba lililokwisha kulimwa, kila mmoja akiwa na uhakika wake, na chanzo kikiwa hii 70 tu, mmoja akiisoma kwa hatua na mwenzake kwa mita.

Na nusu ekari je? Wengi hugawanya 70 kwa mbili na kupima 35 kwa 35. Ukigawanya pande zote mbili kwa mbili, umepata robo. Nusu ya 70 kwa 70 ni 70 kwa 35. Kwa mita halisi, nusu ekari ya mraba ni mita 45 kwa 45, na robo ekari ni karibu mita 32 kwa 32. Anayekodi nusu ekari ya mboga kando ya mfereji na kupimiwa 35 kwa 35 amelipa nusu na kupewa robo.

Ikiwa huna tepu kila siku, pima hatua yako mara moja na uikumbuke. Azima tepu ya mita 50, inyooshe kwenye ardhi inayofanana na shamba, utembee mwendo wako wa kawaida kutoka mwanzo hadi mwisho ukihesabu. Rudia mara mbili tatu uone kama idadi haibadiliki sana. Ukipata hatua 67, kila hatua yako ni karibu sentimita 75, na kwa mguu wako ekari ni hatua 85 kwa 85. Ukipata 60, hatua yako ni sentimita 83, na ekari yako ni kama hatua 77 kwa 77. Namba hiyo ni ya kwako peke yako. Usimwazime mwenzako.

Yote haya yanakwenda vizuri shamba likiwa na pembe nne zilizonyooka. Mashamba mengi hayako hivyo. Yanafuata mto, njia ya ng'ombe, mnyaa wa jirani, au mti aliouachia babu alama. Hapa hatua zinaingia kwenye kosa kubwa zaidi, na nitalieleza kwa mfano mmoja tuufuate hadi mwisho.

Tuseme unakodi shamba la mahindi lenye pande nne zisizolingana. Ukilizunguka, upande wa kwanza una mita 130, wa pili 71, wa tatu 119, na wa nne 75. Mwenye shamba hana tepu, ana miguu yake, na hatua yake ni sentimita 75. Yeye anapata hatua 173, 95, 159 na 100. Kwa kuwa pande hazilingani, anafanya kama wanavyofanya wengi: anachukua wastani wa pande mbili ndefu, ambao ni 166, na wastani wa pande mbili fupi, ambao ni 97 na nusu. Anazidisha, anapata 16,185. Anagawanya kwa 4,900, maana 70 mara 70 ni 4,900, na jibu linakuja 3.3. Anakuambia, kwa moyo mweupe, kwamba shamba ni ekari tatu na robo, na ile ziada amekusamehe. Bei ni shilingi 150,000 kwa ekari kwa msimu. Jumla 487,500.

Tupime upya kwa mita. Hata kwa mita, wastani wa pande bado una kasoro. Wastani wa ndefu ni mita 124 na nusu, wa fupi ni 73, na ukizidisha unapata zaidi ya mita za mraba 9,080, sawa na ekari 2.2. Tayari tumeshuka kutoka ekari tatu na robo, lakini hatujafika kwenye ukweli. Njia ya wastani hutoa jibu sahihi pale tu pembe zote nne zikiwa zimenyooka. Pembe zikilala, daima hutoa eneo kubwa kuliko lililopo. Haikosei kwa kupunguza hata siku moja. Kwa maneno mengine, njia hii humpendelea anayepokea fedha kila inapotumika kwenye shamba lililopinda, hata kama hana nia hiyo.

Njia iliyo sahihi haihitaji mtaalamu. Ligawe shamba katika pembetatu mbili. Chagua kona mbili zinazotazamana, zile zilizo mbali zaidi, na pima mstari ulionyooka kutoka moja hadi nyingine ukikatisha katikati ya shamba. Weka vijiti njiani ili mstari usipinde. Katika mfano wetu mstari huo una mita 170. Sasa zimebaki kona mbili, moja upande huu wa mstari na nyingine upande ule. Kutoka kila kona pima umbali mfupi kabisa hadi kwenye mstari. Mtu mmoja ashike mwanzo wa tepu kwenye kona, mwingine atembee taratibu juu ya mstari akiwa ameivuta tepu, akisoma namba. Namba itashuka, itafika mahali iache kushuka, kisha itaanza kupanda. Ile ndogo kuliko zote ndiyo kimo cha pembetatu. Kwetu sisi kona moja imetoa mita 50 na nyingine mita 45.

Hesabu ni fupi. Jumlisha vimo viwili, 50 na 45, unapata 95. Zidisha kwa urefu wa mstari, 170, unapata 16,150. Gawanya kwa mbili. Shamba lina mita za mraba 8,075. Gawanya kwa 4,047 na unapata ekari 2, pungufu kwa kiasi kisichozidi ukubwa wa chumba. Gawanya 8,075 kwa 10,000 na unapata hekta 0.81.

Kwa hiyo shamba lililoitwa ekari tatu na robo ni ekari mbili. Kodi yake kwa bei ileile ni shilingi 300,000, na ulikuwa utoe 487,500. Hakuna aliyedanganya. Hatua fupi zimeongeza sehemu yake, wastani wa pande umeongeza sehemu yake, na vyote viwili vimekwenda upande mmoja.

Hasara haiishii kwenye kodi. Mbegu ya mahindi hununuliwa kwa ekari, na ukikadiria kilo 10 kwa ekari utabeba kilo 32 na nusu kwenda kwenye shamba linalotaka 20. Mbolea itazidi kwa kiwango hichohicho, nayo ndiyo inayokula mtaji. Ubaya zaidi unajitokeza wakati wa mavuno. Ukivuna magunia 30 ukiamini shamba ni ekari tatu na robo, utaona umepata magunia tisa kwa ekari, utailaumu ardhi au mbegu, na mwakani utahama. Kumbe umevuna magunia 15 kwa ekari. Shamba lilikuwa zuri, na ulilolikimbia lilikuwa ni namba tu.

Kwenye shamba la mahindi kuna njia ya kujihakiki baada ya kupanda. Ukipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo, ekari moja inachukua mashimo kama 18,000 na hekta moja karibu 44,400. Mistari yenu ikiwa imepimwa kwa kamba, hesabu mistari na mashimo ya mstari wa kawaida, na utajua kama ulichokodi kinakaribia ulicholipia.

Hekta ina matata yake, na mengi yanatoka kwenye karatasi. Nyaraka za upimaji wa mashamba huandika eneo kwa hekta, wakati mazungumzo ya mauzo huendeshwa kwa ekari. Neno heka, linalotumiwa na wengi kumaanisha ekari, linasikika kama ufupisho wa hekta, na kwenye mchoro hekta huandikwa Ha. Fikiria warithi wenye mchoro unaosema Ha 1.62. Anakuja mnunuzi na bei ya shilingi milioni mbili kwa heka. Wakiisoma ile 1.62 kama heka, wanapokea milioni tatu na laki mbili na ushee. Lakini hekta 1.62 ni ekari nne, na haki yao ilikuwa milioni nane. Familia inaweza kupoteza zaidi ya nusu ya urithi wake kwa kusoma herufi mbili vibaya. Kila unapoona namba ya ardhi kwenye karatasi, tafuta kwanza kipimo kilichoandikwa pembeni yake, na kama hakipo, usiikubali namba hiyo.

Wakati wa kugeuza bei watu huchanganya kuzidisha na kugawanya. Eneo likitoka hekta kwenda ekari, zidisha kwa 2.47, kwa kuwa ekari ni ndogo na zitakuwa nyingi. Bei ikitoka kwa hekta kwenda kwa ekari, gawanya, kwa kuwa kipande kidogo kinagharimu kidogo. Mimi naona njia salama zaidi ni kushusha kila kitu kwenye mita ya mraba. Tuseme unaletewa mashamba mawili, moja kwa shilingi 350,000 kwa ekari na jingine kwa 750,000 kwa hekta. Ukisikia haraka, la pili ni ghali mara mbili. Gawanya 350,000 kwa 4,047: shilingi 86 na senti kadhaa kwa mita ya mraba. Gawanya 750,000 kwa 10,000: shilingi 75. Lile lililosikika ghali ndilo rahisi.

Kuhusu ile desturi ya kusema hekta ni ekari mbili na nusu, kwa shamba dogo haina madhara. Kwenye hekta mbili tofauti ni mita za mraba zisizozidi 240. Kwenye hekta 100 ni karibu ekari tatu, na hapo ni fedha. Tahadhari kubwa zaidi ni kwenye dawa. Kibandiko kikisema lita moja kwa hekta, na wewe ukaimwaga kwenye ekari moja, umeweka mara mbili na nusu ya kipimo. Kwa ekari ni kama mililita 400.

Wasomaji wa Kenya wana toleo lao la jambo hili. Hati zao huandika eneo kwa hekta, na katika mauzo ya vipande vidogo inatumika ploti ya futi 50 kwa 100, inayoitwa sehemu ya nane ya ekari. Futi 50 kwa 100 ni mita za mraba 464 na nusu, au hekta 0.046. Sehemu ya nane ya ekari iliyo kamili ni mita za mraba 506. Pungufu hiyo ya mita 41 huenda kwenye barabara na njia wakati shamba linapokatwa. Hakuna ubaya ukijua, lakini anayenunua ploti nane zilizoungana akidhani amepata ekari nzima amepata mita za mraba 3,716.

Simu zenye programu za kupima eneo kwa setilaiti zimesaidia sana, na kwa shamba la hekta tano au kumi ningezitumia bila wasiwasi mkubwa. Kwa shamba dogo ziogopwe. Simu ya kawaida inaweza kukosea mita tatu hadi tano hata mahali pa wazi, na chini ya miembe hukosea zaidi. Kwenye mraba wa ekari moja, kila upande ukiongezeka mita tatu, eneo linaongezeka kwa karibu sehemu moja ya kumi. Kwenye nusu ekari hali ni mbaya zaidi. Tepu ya mita 50 inayovutwa na watu wawili inaishinda simu hapo. Kwenye miteremko ya Lushoto au Uluguru, shikeni tepu iwe usawa, msiilaze juu ya ardhi, kwani upimaji rasmi huhesabu eneo kana kwamba ardhi ni tambarare. Kwenye mteremko wa digrii 20, mita 50 zilizolazwa chini ni mita 47 tu za ramani.

Kuna ardhi nyingine ambayo ipo kwenye kipimo lakini haiko mikononi mwako. Mashamba mazuri ya mboga na mpunga huwa kando ya mito, na mwenye shamba hupima hadi kwenye maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bahari, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira. Shamba likipakana na mto kwa urefu wa mita 100, ukanda huo ni mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu. Kabla ya kulipa, itoe kwenye hesabu, au angalau muulize mtendaji wa kijiji kijiji chao kinautekelezaje ukanda huo.

Wengine huogopa kutoa tepu mbele ya mzee mwenye shamba, wakidhani ataona ameitwa mwongo. Inategemea unavyoomba. Mwambie, "Mzee, naomba tupime pamoja, ili nijue mbegu na mbolea ya kununua. Wewe shika huku, mimi nivute." Ukimpa mwanzo wa tepu aushike yeye, kipimo kinakuwa cha wote wawili, na ukimsomea kila namba kwa sauti, ikaandikwa papo hapo, halitabaki la kubishaniwa. Ikionekana shamba ni dogo kuliko alivyodhani, usianze na kudai punguzo. Mwonyeshe ile karatasi, mwachie azidishe mwenyewe. Wazee wengi niliowaona wakifanya hivyo hawakukasirika. Walitaka kwenda kupima na mashamba yao mengine.

Kilichobaki ni mkataba. Makubaliano mengi ya kukodi yanasema "ekari tatu, zaidi au pungufu kidogo", na wakati wa ugomvi maneno hayo hayamsaidii mtu. Andikeni mita za mraba, na pembeni yake ekari na hekta, kwa mfano: mita za mraba 8,075, sawa na ekari 2.0 au hekta 0.81. Andikeni kwamba ekari moja inahesabiwa kuwa mita za mraba 4,047. Choreni shamba kwa kalamu, muweke urefu wa kila upande, mstari wa katikati na vimo viwili, na majina ya majirani kila upande. Majirani wenyewe wawepo, kwa kuwa wao ndio wanaojua mnyaa upi ni mpaka na upi uliota tu. Kwa ununuzi wa ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji lazima iridhie uhamisho chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na shamba kubwa, au lolote utakalotaka liwe dhamana ya mkopo, lipimwe na mpima ardhi mwenye leseni. Kwa ekari mbili za kukodi msimu mmoja, tepu ya mita 50, vijiti, kalamu na mtu wa pili wa kuvuta vinatosha. Wapigie majirani wa mipaka kabla hujapanga siku ya kwenda kulipa.